Nyumbani Kwetu: Mmoja Anakaanga, Mwingine Anakula Mtaji

Tunashukuru kwa barua mlizotumbukiza katika sanduku letu pale shuleni. Barua moja haikuwa na jina, iliandikwa kwa penseli nyuma ya karatasi ya mtihani wa hesabu, na ilikuwa na mstari mmoja tu: "Walimu, kumsaidia mume wangu nimechoka, lakini kumwacha sitaki. Nifanye nini?" Tukauliza taratibu kwa majirani, bila kutaja mtu, na ndani ya wiki moja tukapata wanawake wanne na mwanaume mmoja waliosema barua ile wangeweza kuiandika wao. Kwa hiyo mwezi huu tunaongea juu ya jambo hilo: mtu unayeishi naye, asiyeingiza hata shilingi, anayekula jasho lako. Na juu ya swali gumu zaidi, ni siku gani ukarimu unageuka kuwa kutumiwa.

Tuanze kwa kusema ukweli wa hapa kambini, maana wengine mtatukasirikia. Hapa kutokuwa na kazi si kosa la mtu. Huku Tanzania mkimbizi anakaa ndani ya kambi na hawezi kutoka bila kibali. Nafasi za motisha kwenye mashirika ni chache, watu ni wengi, na anayezipata mara nyingi ni aliyesoma kidogo. Baba aliyekuwa na shamba la mihogo kule Fizi, au mtumbwi wake wa kuvua pale Baraka, amefika hapa mikono mitupu na hana pa kulima wala pa kuvua. Ukimwita mvivu kwa sababu hana pesa, unamwonea. Wapo pia waliofunga mizigo kwenda Marekani, wakapimwa afya, wakagawa vyombo vyao, halafu mwezi Januari 2025 Marekani ikasimamisha mpango wake wa kupokea wakimbizi. Mtu kama huyo amekaa miaka anangoja kesi, na kungoja kumemla mpaka ndani. Kwa hiyo tunapouliza kama mtu anakutumia, hatuangalii kama ana pesa. Tunaangalia kitu kingine, tutakifikia.

Sasa tuwasimulie habari ya mama mmoja. Ametupa ruhusa, ila jina hatutaji. Tumwite Mama Maandazi, kwa sababu ndiyo kazi yake, na watoto wa shule wanamjua hivyo. Ana watoto watatu, anaishi na bwana wake mwaka wa sita sasa. Alituletea daftari lake, sisi tukakaa naye jioni mbili tukapiga hesabu. Fuata nasi polepole, hesabu si ngumu.

Kila siku ya shule alikuwa anakaanga kilo tatu za unga wa ngano. Unga shilingi 6,000, mafuta 2,500, sukari 1,000, hamira 200, kuni 800. Jumla 10,500. Hiyo ndiyo mtaji wake, kaeni nayo kichwani. Kilo moja inampa maandazi 50 madogo ya shilingi mia mia, kwa hiyo kilo tatu zinampa maandazi 150, yaani 15,000. Ukitoa mtaji, faida ni 4,500 kwa siku. Posho ya kambi haitoshi, sote tunajua, kwa hiyo katika ile faida anatoa 3,000 kwa dagaa, nyanya, sabuni na vitu vya nyumbani. Inabaki 1,500. Kwa siku tano za shule inakuwa 7,500. Hapo anaweka 3,000 kwenye kikundi cha kuweka na kukopa (wengine wetu kutoka Kongo tunasema likelemba, ingawa likelemba yenyewe ni ya kupokezana na hiki ni kikundi cha hisa), na 4,500 inalisha nyumba Jumamosi na Jumapili ambapo shule imefungwa.

Unaona? Ile nyumba ilikuwa inakwenda. Kwa kuchechemea, lakini inakwenda.

Bwana wake alikuwa haombi kitu kikubwa. Ndiyo sababu yule mama hakushtuka mapema. Ilikuwa mia tano ya vocha, mia tano ya sigara, jioni elfu moja ya kukaa na wenzake. Jumla 2,000 kwa siku. Mama akasema, "Mwanaume akikaa bila hata mia mfukoni anadhalilika, mimi nitampa." Huo ni ukarimu, na sisi hatuucheki. Ila angalia hesabu. Faida ni 4,500, nyumba inakula 3,000, bwana anachukua 2,000. Tayari ni 5,000. Kila siku kuna pengo la mia tano, na pengo hilo halitoki hewani, linatoka kwenye ile 10,500. Siku ya kwanza huoni kitu. Unaenda dukani unakopa sukari, kesho unakopa mafuta kidogo, unakaanga kilo tatu zako kama kawaida, unafikiri biashara ni nzima. Siku tano zikiisha umekula 2,500 ya mtaji. Halafu inafika Jumamosi, ile 4,500 ya kulisha nyumba haipo, nayo inatoka kwenye mtaji. Jumla 7,000. Jumatatu asubuhi ukimlipa mwenye duka madeni yake unabaki na 3,500. Hiyo ni kilo moja, na kikundini hujaweka hata mia. Wiki moja tu, ndugu zangu!

Na kilo moja inaleta faida ya 1,500, wakati nyumba bado inataka 3,000. Hapo hata bwana asipochukua kitu, huwezi kuinuka. Wengi wanafika hapa wanasema biashara ya kambini hailipi, au jirani amewaroga. Kumbe hakuna aliyeroga mtu. Fedha ya mauzo ilikuwa inalala kwenye kopo lilelile na faida, na mkono ukiingia kwenye kopo gizani haujui hii ni noti ya faida na hii ni noti ya unga.

Mama Maandazi alijikwamua mara ya kwanza kwa kukopa kikundini. Mnajua vikundi hivi vinavyokwenda: watu kama kumi na tano hadi ishirini na tano, mkutano kila wiki, sanduku lenye kufuli tatu na funguo kwa watu watatu tofauti, na mkopo mara nyingi hauzidi mara tatu ya akiba yako. Yeye alikuwa na akiba ya 24,000, kwa hiyo mpaka 72,000 angepewa. Alikuwa anataka 10,000 ya kurudisha mtaji. Bwana akamwambia, chukua 30,000, hiyo 20,000 nitanunua vifaa nitengeneze simu. Akachukua, kwa riba ya asilimia kumi kwa mwezi. Vifaa vilinunuliwa kweli, tulivionyeshwa, viko kwenye mfuko chini ya kitanda. Simu zilizotengenezwa ni mbili. Pesa ya simu zile hakuna aliyeiona nyumbani, na marejesho yalitoka kwenye maandazi.

Hapo tunataka tusimame kidogo, kwa sababu tumeliona jambo hili katika nyumba zote tano tulizozungumza nazo. Deni linakuwa kwa jina lako, na kinachopatikana kinakuwa kwa jina lake. Mtu anayejaribu kazi na ikashindikana si mbaya, sisi wote tumejaribu mambo yakashindikana. Ila mwenye kujaribu kwa nia njema anarudi na kukwambia: ilikuwa hivi, nilipata hivi, nimepoteza hivi. Mwenye kukutumia hana taarifa, na ukiuliza anakasirika. Mwanaume mmoja aliyetuandikia (ndiyo, wanaume nao) alisema bibi yake anauza vitenge vya mkopo ambao yeye ndiye anaulipa kutoka kwenye motisha yake, na akiuliza vimeuzwa vingapi anajibiwa, "Kwani mimi ni mfanyakazi wako?" Ni kitu kilekile, kimevaa kitenge tu.

Tulisema tutafikia kitu cha kuangalia. Ni masaa. Mtu asiye na pesa ana masaa, na hapa kambini tunayo mengi mno. Kwa hiyo tulimwambia Mama Maandazi asimwangalie bwana wake mfukoni, achukue daftari aandike kwa wiki mbili, bila kumwambia mtu wala kugombana, nani aliamka saa ngapi na alifanya nini. Ukurasa wa kushoto wa kwake, wa kulia wa bwana. Wa kwake ulijaa. Saa tisa za usiku kukanda unga, saa kumi na moja kukaanga, saa kumi na mbili na nusu kubeba karai, kuchota maji, kupika, kufua, kupanga mstari wa posho akiwa na mtoto mgongoni. Wa kulia ulikuwa na mambo mawili kwa wiki nzima: alibeba gunia la unga siku ya posho, na alimpeleka mtoto zahanati.

Baba zetu wengine watasema, kukanda unga si kazi ya mwanaume. Sawa, tusibishane na desturi, tupige hesabu tena. Kuni za vifungu vidogo zilikuwa 800 kwa siku. Ukinunua gogo ukalipasua mwenyewe inashuka mpaka 500. Kupasua ni kazi ya mwanaume popote unapokwenda, Kivu au Kigoma. Siku tano, 1,500 imebaki nyumbani. Halafu karai la pili. Mama ana miguu miwili tu, anauza pale shuleni, hawezi kuwa pia pale hospitali asubuhi watu wanapopanga mstari. Akitokea mtu wa kupeleka karai la pili lenye maandazi ya kilo moja ya nyongeza, ni faida ya 1,500 kwa siku, 7,500 kwa wiki. Ukijumlisha na gogo, ni 9,000 kwa wiki, na yule baba hajatoa hata senti mfukoni mwake. Basi hapo zile 2,000 zake za kila siku, ambazo kwa siku tano ni 10,000, karibu zote angekuwa amejilipia mwenyewe. Tena bila aibu, maana angezishika kama mtu aliyefanya kazi.

Kwa hiyo jibu letu kwa mwandishi wa penseli ni hili. Kabla hujasema mwenzako anakutumia, mpe kazi yenye jina na saa, si maneno ya "unisaidie saidie". Mwambie: Jumatatu mpaka Ijumaa, saa kumi na mbili na nusu, karai la pili, hospitali, pesa inarudi yote mezani na tunahesabu pamoja. Akikubali na akafanya, hata kwa kununa, hujatumiwa, ulikuwa na mtu aliyekata tamaa. Akikataa hilo, na kuni akakataa, na watoto akakataa kushika, lakini mkono wa jioni haukosi kopo, basi umeshajibiwa.

Tumeulizwa pia sheria inasemaje. Mkimbizi anafuata sheria za nchi aliyomo, na hapa kuna Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971. Wengi wanashangaa tukiwasomea. Sheria hiyo inasema mume ana wajibu wa kumtunza mke wake kwa chakula, mavazi na malazi kadiri ya uwezo wake. Maneno "kadiri ya uwezo wake" ni muhimu, haimtaki baba wa kambini alete kama mfanyabiashara wa Kasulu mjini. Mke naye ana wajibu wa kumtunza mume, lakini sheria imetaja lini: kama mke ana uwezo, na mume hawezi kujipatia riziki kwa sababu ya ugonjwa au kuumia, mwili au akili. Kumbe mume mgonjwa, au aliyeharibika akili kwa mambo aliyoyaona vitani, kumlisha kwako si kutumiwa, ni wajibu. Na hapa kambini magonjwa ya akili yapo mengi na hayaandikwi usoni. Mtu asiyelala, anayekaa ukutani toka asubuhi, aliyeacha hata kuoga na kuongea na watoto, huyo mpeleke kwanza kwa wahudumu wa afya ya akili kabla ya kumfungulia daftari. Wa Mama Maandazi alikuwa anaongea na kucheka vizuri sana, ila kijiweni.

Sheria hiyohiyo inasema ndoa haimnyang'anyi mtu mali yake. Karai lako, akiba yako ya kikundi, biashara uliyoianzisha kwa fedha yako, kufunga ndoa hakuvigeuzi kuwa vya mwenzako. Na mkiachana mahakamani, mali mliyochuma pamoja inagawanywa kwa kuangalia kila mmoja alichangia nini, kwa fedha, kwa mali au kwa kazi. Ipo kesi maarufu ya mwaka 1983, Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, ambapo Mahakama ya Rufani ya Tanzania ilisema kazi za nyumbani za mke nazo ni mchango, hata kama hakuleta mshahara. Wanawake wanapenda kuitaja kesi hiyo. Wachache wanajua mwisho wake: mahakama iliona kwamba Bi Hawa alishapewa fedha na mumewe za kufanyia shughuli ya maendeleo, akazitapanya, kwa hiyo sehemu yake alikuwa ameshaila. Yaani majaji nao walipiga hesabu kama ya kwetu ya kopo. Kazi ya nyumbani inahesabiwa, na ulichokitapanya nacho kinahesabiwa. Inamgusa mama anayekaa tu kama inavyomgusa baba anayekaa tu.

Kwa wenzetu wa Kongo tuongeze neno moja. Baadhi ya baba zetu walikulia chini ya Sheria ya Familia ya mwaka 1987, iliyomtaka mke apate idhini ya mume katika mambo mengi ya kisheria. Mwaka 2016 Kongo yenyewe ilirekebisha sheria hiyo na idhini ile ikaondolewa. Kwa hiyo ile kauli ya "pesa ya mwanamke ni ya bwana wake, ndivyo ilivyo kwetu", hata kwetu imeshabadilika.

Turudi kwenye kopo, maana sheria ni mbali na unga uko karibu. Mama Maandazi alifanya mambo mawili. La kwanza, pesa ya mtaji hailali tena ikiwa pesa. Akimaliza kuuza anapita dukani palepale, ananunua unga, mafuta na sukari za kesho, anarudi nyumbani na bidhaa. Mtu hawezi kuweka vocha kwa unga. (Mwenzetu mmoja alibisha kwamba unga nao unauzwika. Ni kweli, lakini mtu akianza kuuza unga wa nyumbani majirani wanamwona, na noti hawaioni.) Hatukumshauri afiche pesa. Kuficha kunaanzisha vita nyingine, anayefichwa anapekua, na siku akiipata anakuwa yeye ndiye mwenye kudai. Kununua mapema hakuna uongo ndani yake.

La pili, alisema kiasi. Hii ndiyo ilikuwa ngumu. Alimwita bwana wake pamoja na shemeji yake mkubwa, kaka wa bwana, mtu mwenye busara katika kijiji chao, akaweka daftari mezani. Hakutukana. Alisema, "Baba, hii ndiyo faida, hii ndiyo nyumba. Ninachoweza kukupa ni mia tano kwa siku, na siku karai la pili likitoka, nusu ya faida yake ni yako." Yaani siku ya karai anapata 1,250. Bwana alikasirika akatoka, akalala kwa rafiki yake usiku mmoja. Shemeji alikaa analisoma daftari kurasa zote, halafu akauliza kitu ambacho sisi tusingethubutu kuuliza: "Na hizi saa tisa za usiku, ndugu yangu alikuwa wapi?"

Tunajua si kila mama anaweza kufanya hivi. Kama mtu wako amewahi kukupiga, au umeona akivunja vyombo ukitaja pesa, usimwekee daftari mezani mkiwa wawili tu ndani. Siku ya kukatiwa pesa ndiyo siku ya hatari. Anza kwa kwenda kituo cha wanawake au ofisi ya ulinzi, ukaongee nao kwa siri, halafu wao wakusaidie kupanga siku na watu wa kuwepo. Sheria ile ya 1971 imesema wazi kwamba hakuna mwenye haki ya kumpiga mwenzi wake, mume wala mke. Na kama imefika mahali pa kuachana, ujue kadi ya posho inaweza kutenganishwa. Haiendi kwa siku moja. Unaanzia kwa kiongozi wa kijiji, unaenda dawati la usajili, mnahojiwa, wanaangalia watoto wako kwa nani. Wengine wanavumilia mambo mazito miaka kwa kuogopa kwamba wakitoka watapoteza posho ya watoto. Ulizeni kwanza, msiogope habari za mtaani.

Na nyie vijana mnaoishi pamoja bila harusi, msidhani hayawahusu. Mkikaa pamoja miaka miwili au zaidi na watu wakiwaona kama mke na mume, sheria ya hapa inaweza kuwachukulia kuwa mmeoana, mpaka mmoja athibitishe kwamba sivyo. Dada zetu walimu mnaopokea motisha tarehe moja, na kaka fulani anakumbuka penzi tarehe mbili, mnajijua. Hatuongezi neno.

Mtatuuliza, imeishaje kwa Mama Maandazi? Haijaisha. Bwana alirudi nyumbani siku ya pili. Wiki ile hakufanya kitu. Wiki iliyofuata alipasua gogo, watu wakapita wakamtania, naye akawajibu kwa utani. Karai la pili alilianza Jumatano, akauza maandazi yote hamsini kabla ya saa tatu, akarudi na 5,000 kamili, mama anasema alizihesabu mbele yake mara mbili kama karani. Siku nyingine alirudi na 4,200 na hadithi ndefu ya watoto waliokimbia bila kulipa. Mama aliandika 4,200, akatoa mia nane katika sehemu ya bwana, akampa 450 siku ile badala ya 1,250. Ameapa kwamba watoto hao hawajaonekana tena.

Mkopo wa kikundi umebaki 9,000. Vifaa vya simu bado viko chini ya kitanda. Karai la pili, kuna siku linatoka na kuna siku halitoki. Siku lisipotoka, mama anakaanga kilo zake tatu, anampa bwana mia tano yake, na kopo linabaki tupu mezani, maana unga wa kesho umeshanunuliwa.

Mwezi ujao, Mungu akipenda, tutaongea juu ya ndugu wanaopiga simu kutoka nyumbani kuomba pesa wakidhani sisi huku tunalishwa na wazungu. Sanduku liko palepale, mlango wa darasa la nne. Penseli zinakubalika.